Mwizi Anahitaji Saa Chache: Vikomo, Simu Zilizosajiliwa na Meseji za Kuingia kwenye Akaunti

(Maneno ya Kamati ya Fedha mbele ya wanachama na wageni)

  

Tumepewa nusu saa kabla ya chakula, na tumeombwa tuzungumzie jambo moja tu: akaunti za benki ambazo sasa tunazibeba mfukoni ndani ya simu. Tunajua wengi mmekwisha kuonywa mara nyingi kwamba msitoe namba ya siri. Hilo hatutalirudia sana. Sisi tunataka kuanzia pale ambapo onyo lile linaishia, yaani siku ambayo namba ya siri imekwisha kutoka. Imetoka kwa sababu mtu alikuwa na usingizi, au mgonjwa yuko hospitalini na akili haiko hapa, au mjukuu aliichukua simu akabofya. Je, baada ya hapo ni nini kinachoamua kama umepoteza laki moja au umepoteza kila kitu?

Kwa jinsi tunavyoona sisi, kinachoamua ni saa zinazofuata. Mwizi wa mtandaoni anahitaji muda wa kuingiza simu yake kwenye akaunti yako, kumwandikisha mtu wa kupokea fedha, na kuzihamisha. Ukimnyima muda, au ukimbana asiweze kuhamisha kiasi kikubwa kwa mkupuo, unaamka asubuhi ukiwa bado una fedha za kuokoa.

Tuanze na kisa cha kweli kilichotokea mbali na kwetu, kwa sababu kimeandikwa wazi na mambo yake yanajulikana. Mwezi Desemba 2021, kule Singapuri, wateja wa benki iitwayo OCBC walipokea meseji zilizosema akaunti zao zina tatizo na wabofye linki ili kulirekebisha. Meseji zile za uongo ziliingia kwenye simu zikiwa na jina lilelile la benki, zikajipanga chini ya meseji za kweli ambazo benki ilikuwa imewatumia miezi iliyopita. Mtu akiangalia anaona ni mazungumzo yaleyale ya siku zote. Walibofya, wakaandika majina yao ya kuingilia, namba za siri, na zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji. Ilipokwisha kuhesabiwa, wateja wapatao 790 walikuwa wamepoteza jumla ya dola za Singapuri milioni 13.7. Benki iliamua kuwarudishia fedha zao, lakini hilo si jambo ambalo kila benki duniani hulifanya.

Sasa angalieni wakubwa wa Singapuri walifanya nini mwezi uliofuata, Januari 2022. Benki kuu yao pamoja na chama cha mabenki hawakuwaambia watu wabuni neno la siri refu zaidi. Walizitaka benki ziondoe linki kwenye meseji na barua pepe zinazotumwa kwa wateja. Waliagiza kwamba simu mpya ikiwekewa kitambulisho cha kuidhinisha malipo, kisianze kufanya kazi mpaka zipite saa zisizopungua 12. Waliagiza pia kwamba mteja apate taarifa ya fedha zinazotoka kuanzia dola 100 au chini ya hapo, na kwamba mtu akiomba kubadilisha namba ya simu au barua pepe, taarifa iende kwenye ile namba au barua pepe ya zamani. Katikati ya mwaka huohuo waliongeza mambo mawili: kikomo cha kuanzia cha kuhamisha fedha mtandaoni kiwe dola 5,000 au chini, na mteja awe na njia ya kuifunga akaunti yake mwenyewe papo hapo akihisi ameingiliwa.

Yaani walichofanya ni kununua muda na kupunguza ukubwa wa hasara. Hayo ndiyo tunayotaka tuyalete hapa nyumbani, maana mengi yake unaweza kuyafanya mwenyewe bila kusubiri amri ya mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mama mwenye kibanda cha nguo mjini. Akaunti yake ina shilingi 4,600,000, ambazo ni mtaji pamoja na ada ya watoto. Siku aliyofungua huduma ya benki kwenye simu, kikomo kiliwekwa 5,000,000 kwa siku na hajakigusa tangu hapo. Jumamosi saa 5:20 usiku anapata meseji: akaunti yake itafungwa usiku huu asipohakiki taarifa zake. Anabofya. Ukurasa unafanana na wa benki. Anaandika namba ya akaunti na neno la siri, na mara inaingia meseji yenye namba sita, anaiandika nayo. Ukurasa unamshukuru. Anazima taa analala.

Saa 5:31 simu ya mwizi imekwisha kusajiliwa kwenye akaunti yake. Saa 5:34 mwizi ameandikisha mtu wa kupokea fedha. Saa 5:38 zinatoka 2,000,000, saa 5:40 zinatoka 2,000,000 nyingine, na saa 5:43 zinatoka 600,000 zilizobaki. Kazi yote imechukua dakika 12. Mama anaamka saa 11 alfajiri akawahi gulio, na hapo ndipo anapoona.

Turudie usiku uleule, badiliko likiwa moja tu: mama huyu alikuwa amekishusha kikomo chake kuwa 500,000 kwa siku. Saa 5:38 mwizi anapeleka 2,000,000, mfumo unakataa. Anajaribu milioni moja, unakataa. Anapeleka 500,000, inakubali. Kisha hawezi zaidi. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye mifumo mingi kikomo cha siku huanza upya saa 6 usiku. Mwizi anayejua kazi yake anasubiri dakika ishirini, na saa 6:01 anachukua 500,000 nyingine. Ndiyo maana wanapenda sana kufanya kazi karibu na saa 6. Kwa hiyo ukipanga kikomo, kihesabu mara mbili: hasara ya usiku mmoja inaweza kuwa ya siku mbili. Hata hivyo mama ameamka akiwa na 3,600,000. Ameumia, lakini kibanda kitafunguliwa na watoto watakwenda shule.

Na kama benki yake ingekuwa na ule utaratibu wa kusubiri saa 12? Simu ya mwizi iliyosajiliwa saa 5:31 usiku isingeweza kuhamisha hata senti mpaka saa 5:31 asubuhi ya Jumapili. Mama ameamka saa 11 alfajiri. Ana saa sita na nusu za kupiga simu benki. Tunawaomba kila mmoja akienda tawini aulize swali hili kwa maneno haya haya: simu mpya ikisajiliwa kwenye akaunti yangu, inaweza kutoa fedha baada ya muda gani? Jibu likiwa ni papo hapo, basi ujue kwamba kinga yako kubwa ni kikomo na meseji, na kikomo chako kiwe kidogo zaidi.

Tukae kidogo kwenye hili la kikomo, maana ndilo linaloleta ubishi kila tunapolizungumza. Watu wanasema: kwetu kuna msiba wa ghafla, kuna mgonjwa wa kukimbizwa hospitali ya rufaa, nikijifunga mikono nitafanyaje? Ni hoja ya haki. Tunachoshauri ni hiki. Fungua taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita, uangalie malipo makubwa kabisa uliyoyafanya kwa simu, ukiacha ada na vitu vya mara moja kwa mwaka. Kwa wengi wetu utakuta hayazidi laki tatu au nne. Weka kikomo juu kidogo ya hapo. Januari ikifika na ada inadaiwa, kipandishe, lipa, kisha kirudishe siku ileile. Na ile akiba ambayo huigusi kila wiki ikae kwenye akaunti nyingine ambayo haijaunganishwa na simu kabisa, mpaka uende tawini na kitambulisho. Singapuri nao walifika hukohuko: kuanzia mwaka 2023 benki kubwa za kule zinamruhusu mteja kutenga fedha zisizoweza kutoka kwa njia ya mtandao hata akitaka mwenyewe.

Kuna mitego miwili kwenye vikomo. Wa kwanza, uliza kama kikomo kinaweza kupandishwa ndani ya simu hiyohiyo na kikaanza kufanya kazi mara moja. Kama ndivyo, mwizi aliyekwisha kuingia atakipandisha kabla ya kutoa fedha, na kikomo chako kitakuwa kama komeo lililofungwa kwa uzi. Omba kupandisha kuhitaje kwenda tawini, au kuchelewe. Kama benki haina utaratibu huo, fahamu tu udhaifu wake, na meseji za tahadhari ndizo zibebe mzigo. Mtego wa pili, akaunti moja huwa na milango mingi, na kila mlango mara nyingi una kikomo chake. Aplikesheni ya simu ina chake, ile menyu ya nyota na reli ina chake, kadi kwenye mashine ya kutolea fedha ina chake, kadi ikitumika kununulia vitu mtandaoni ina chake, na kuhamishia kwenye pochi ya mtandao wa simu kuna chake. Mtu anashusha kwenye aplikesheni anarudi nyumbani ameridhika, kumbe menyu ya nyota na reli bado inaruhusu milioni tatu. Waombe benki wakusomee vikomo vyote, mlango mmoja baada ya mwingine, na mlango usioutumia uombe ufungwe.

Tuje kwenye simu zilizosajiliwa. Unapoweka aplikesheni ya benki mara ya kwanza, benki haikutambui wewe peke yako, inaitambua na simu yenyewe. Ndani ya simu ile huwekwa alama ya siri ambayo benki itaitafuta kila unapoingia. Ndiyo sababu mtu mwenye neno lako la siri lakini akiwa na simu nyingine hawezi kuingia hivihivi: benki itamwona ni mgeni na itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako. Kwa hiyo ile meseji ya namba sita si zote zina uzito sawa. Namba ya kuthibitisha malipo ya shilingi 20,000 ikipotea, umepoteza 20,000. Namba ya kusajili kifaa kipya ikipotea, umempa mtu funguo za nyumba nzima, na hatakuomba namba tena. Meseji huwa inasema namba ile ni ya kazi gani. Tatizo ni kwamba macho yetu hukimbilia zile tarakimu na kuacha maneno. Tunaomba sana: soma maneno kwanza. Ukikuta yanataja kifaa kipya, simu mpya au kujisajili, na wewe hujabadilisha simu leo, usiiandike popote, hata kama anayeomba anajiita meneja wa tawi.

Kwenye aplikesheni nyingi, sehemu ya mipangilio au usalama, kuna orodha ya vifaa vilivyosajiliwa. Ifungue leo. Mara nyingi utakuta simu yako ya sasa na ile ya zamani uliyompa mdogo wako au kuiuza kwa fundi. Kufuta aplikesheni kwenye simu ile hakukuiondoa kwenye kumbukumbu za benki. Iondoe kwenye orodha. Ukiwa unataka kuuza simu, fuata mpangilio huu: iondoe kwanza kwenye orodha ya benki, kisha toa laini, kisha futa simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukianza na kufuta, unaweza kujikuta huna tena njia ya kuingia ili uiondoe, na itabidi uende tawini.

Laini nayo ni sehemu ya habari hii, kwa sababu zile namba za uthibitisho zinapita humo. Kuna wizi wa kwenda kurenyu laini ya mtu mwingine kwa ujanja au kwa kushirikiana na mtu wa ndani. Laini mpya ikiwaka kwa mwizi, ya kwako inazimika. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla bila sababu. Huku milimani kwetu mtandao hupotea kila mvua ikinyesha, kwa hiyo dalili hiyo hatuitilii maanani. Njia ya kujua ni rahisi: muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyohiyo. Kama yake inasoma na yako haisomi, izime na kuiwasha mara moja, na kama bado, azima simu upige kampuni ya simu na benki saa hiyohiyo. Wengine mmezoea kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha taifa. Ni zoezi zuri na muendelee nalo, maana linaonyesha laini ambayo mtu amesajili kwa jina lako bila wewe kujua. Lakini halitakuonyesha laini yako iliyorenyuliwa na mwizi, kwa kuwa namba ni ileile na jina ni lilelile.

Na simu ikiibiwa, mwizi anaweza kuitoa laini akaiweka kwenye simu yake, akapokea namba za uthibitisho hata kama simu yako ina kufuli. Kinga yake ni kuweka namba ya siri kwenye laini yenyewe, kwenye mipangilio ya simu. Iandike namba ile mahali salama, maana ukikosea mara tatu laini inajifunga na utahitaji namba ndefu ya kufungulia iliyo kwenye kile kikadi ulichonunulia laini, ambacho wengi tulikwisha kukitupa.

Sasa meseji za tahadhari. Zipo za aina mbili, na watu huzichanganya. Ile inayosema fedha zimetoka inakuja fedha zikiwa zimekwisha kuondoka. Ile inayosema mtu ameingia kwenye akaunti, au kifaa kipya kimesajiliwa, au mpokeaji mpya ameandikishwa, au kikomo kimebadilishwa, hiyo inakuja kabla. Rudini kwenye usiku wa yule mama: kati ya saa 5:31 na 5:38 zilipita dakika saba, na kama tahadhari zake zilikuwa zimewashwa, ndani ya dakika hizo ziliingia meseji mbili. Hizo ndizo zenye thamani kuliko zote, na hizo ndizo tunazozizima kwa sababu zinapiga kelele.

Tunashauri uziwashe zote kwenye mipangilio ya benki, na kiwango cha chini cha kujulishwa kwamba fedha zimetoka kiwe kidogo sana, hata shilingi elfu moja, kwa kuwa mwizi mara nyingi hujaribu kwanza kwa kiasi kidogo aone kama njia inapita. Ziende njia mbili, meseji na barua pepe. Sababu ni ile ya laini: akikuzimia laini, meseji zinaenda kwake, lakini barua pepe bado inakufikia. Na barua pepe hiyo iwe na neno lake la siri, lisilofanana na la benki.

Unazisomaje? Angalia kwanza saa, kisha aina ya simu. Meseji ikisema umeingia saa 2:15 usiku kwa simu ya aina unayoitumia, na kweli ulikuwa unaangalia salio wakati ule, iache. Ikitaja simu usiyokuwa nayo, au saa ulipokuwa umelala, hapo simama. Mahali panapotajwa pasikutishe sana. Unaweza kuwa umekaa hapa kijijini na meseji ikasema umeingia kutoka Dar es Salaam, kwa sababu mtandao wa simu hutokea huko. Tumeona watu wakihangaika kwa jambo hilo wakati saa na simu vyote vilikuwa vyao. Mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili jioni, fungua historia ya kuingia kwenye aplikesheni uipitie. Haizidi dakika tano.

Tahadhari moja juu ya tahadhari zenyewe. Wezi nao wanajua kwamba tunaziogopa, kwa hiyo wanatunga za kwao. Meseji ya kule Singapuri ilikuwa ya namna hii hasa: akaunti yako ina tatizo, bofya hapa. Jina la juu ya meseji halithibitishi kitu, kwa kuwa linaweza kuigizwa. Kwa hiyo tahadhari yoyote, ya kweli au ya uongo, ijibiwe kwa njia moja: usibofye chochote ndani yake, usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Fungua aplikesheni mwenyewe, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki. Iandike namba hiyo leo kwenye karatasi, maana siku simu ikiibiwa pamoja na pochi utaitafuta kote. Meseji ya kitapeli unaweza pia kuripoti kwenye namba 15040.

Na ukikuta kweli umeingiliwa, wengi hukimbilia kubadilisha neno la siri. Siyo la kwanza hilo. Simu ya mwizi ikiwa imesajiliwa, kwenye mifumo mingine inaweza kuendelea kufanya kazi hata baada ya neno la siri kubadilika. La kwanza ni kupiga benki na kusema: fungeni akaunti isitoe fedha kwa njia yoyote, na ondoeni vifaa vyote vilivyosajiliwa, pamoja na changu. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na uandike saa uliyopiga, maana ukija kudai, swali la kwanza litakuwa ulitoa taarifa saa ngapi. Kisha kampuni ya simu. Kisha polisi upate RB. Neno la siri lije wakati wa kufungua upya.

Tuseme ukweli kuhusu mipaka ya haya yote. Ukishawishiwa kwa maneno ukahamisha fedha kwa mkono wako, simu ni yako, laini ni yako, hakuna meseji itakayokuamsha. Hapo kilichobaki ni kikomo peke yake. Na mtu wa nyumbani anayeijua namba yako ya siri na kuishika simu yako, mfumo utamwona kuwa ni wewe.

Hilo linatuleta kwa wazee wetu. Vijana wengi mlio mjini mmesajili akaunti za wazazi kwenye simu zenu ili muwasaidie. Nia ni njema, lakini mzee akiwa na simu mbili zilizosajiliwa, meseji ya kuingia haimwambii tena chochote, kwa kuwa kila siku kuna mtu anaingia. Tunaona ni bora simu ya mzee iwe moja tu, na ile nakala ya tahadhari inayokwenda kwa barua pepe ije kwako wewe mtoto. Hapo unakuwa na macho bila kuwa na mikono. Ukiona saa 5:31 usiku kifaa kipya, unampigia mama, unapiga benki.

Akaunti ya umoja wetu tumeipanga kwa msingi huohuo. Mmoja anaandaa malipo, mwingine anayaidhinisha, kila mmoja kwa simu yake na laini yake, na meseji za tahadhari zinakwenda kwa wote wawili pamoja na mwenyekiti. Vikundi vya kina mama na vya vijana vilivyo hapa vinaweza kuomba mpango kama huo kwenye benki zao. Msikubali simu zote mbili zikae kwenye mkoba mmoja wa mweka hazina, maana hapo waidhinishaji ni mmoja.

Baada ya chakula tutakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa ukumbi. Njoo na simu yako, ufungue aplikesheni mwenyewe, tukuonyeshe palipo na orodha ya vifaa, palipo na vikomo na palipo na tahadhari. Namba yako ya siri utaiandika wewe, na sisi tutageuka upande mwingine. Wenye kutumia menyu ya nyota na reli tu, njooni na kadi zenu, tutapiga namba ya nyuma pamoja mkawaulize vikomo vyenu. Wazee wataanza kwanza.